Somo: Kuhakiki mkataba wa ruzuku kabla ya kutia saini

Tuchukue shirika dogo lililopewa ruzuku ya 48,000 kwa miezi 12, kuanzia 1 Machi hadi 28 Februari. Chapisha mkataba pamoja na viambatisho vyake vyote, kisha shika kalamu.

Hatua ya 1: Maneno yaliyofasiliwa. Piga mstari chini ya kila neno linaloanza kwa herufi kubwa, kisha lirudishe kwenye kifungu cha fasili. Katika mkataba huu, kifungu cha 1 kinafasili "Kipindi cha Mradi", lakini kifungu cha 7 kinasema gharama zilipwe ndani ya "Muda wa Ruzuku", neno lisilofasiliwa popote. Ni hadi 28 Februari, au hadi awamu ya mwisho ya fedha ipokelewe? Ankara ya mkaguzi wa hesabu huja mradi ukishakwisha, kwa hiyo jibu ndilo litakaloamua kama mfadhili ataikubali. Omba neno moja litumike kote.

Hatua ya 2: Bajeti. Usiiamini jumla iliyoandikwa. Jumlisha mwenyewe, kwenda chini na kwenda kando. Kiambatisho kina mishahara 21,600, mafunzo 14,400, usafiri 6,600 na uendeshaji 4,800. Hiyo ni 47,400, ilhali mkataba na ratiba ya malipo vinasema 48,000. Ukisoma kasma ya usafiri kwenda kando utaona 600 kwa mwezi mara miezi 12, yaani 7,200. Jumla ya 6,600 ilibaki kutoka rasimu ya miezi 11. Ukiiacha, miezi 12 ya safari itaonekana katika ripoti kuwa umevuka kasma.

Hatua ya 3: Tarehe. Kifungu kinataka ripoti ya mwisho ndani ya siku 60 baada ya mradi kwisha, yaani ifikapo 29 Aprili. Jedwali la ripoti linasema 31 Machi. Awamu ya mwisho hulipwa ripoti ikikubaliwa, basi tofauti hii inagusa fedha moja kwa moja.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, kifungu na kiambatisho vikipingana, kipi kinashinda?
Tafuta kifungu cha mpangilio wa kipaumbele wa nyaraka. Mikataba mingi inacho. Hata hivyo, kabla ya saini usikitegemee. Omba kosa lirekebishwe.

Sisi tumeshasaini na ndipo tumeona kosa la namna hii. Tufanyeje?
Mwandikieni mfadhili sasa, kabla ya ripoti ya kwanza. Tajeni kifungu, ukurasa, tarakimu iliyopo na inayopaswa kuwepo, na muombe marekebisho ya maandishi yaliyosainiwa na pande zote mbili. Simu ya afisa miradi anayesema "hamna shida" haitoshi. Afisa huyo akihama, mkaguzi atasoma mkataba tu.