ORS na zinki kwa mtoto anayehara: kipimo cha maji kwanza

Kabla ya kufungua pakiti ya ORS, soma imeandikwa ichanganywe na maji kiasi gani. Nyingi utakazopata kwenye dispensari na kemisti ni za nusu lita, lakini za lita moja pia zipo. Pima kwa chupa ya maji au soda iliyoandikwa 500 ml. Vikombe vya chai usivitegemee, kwa sababu havilingani.

Chemsha maji, hata ya mfereji, hadi yatokote, uyafunike yapoe kabisa. Nawa mikono kwa sabuni. Kwa pakiti ya nusu lita, mimina nusu lita kwenye jagi safi lenye kifuniko, tia unga wote wa pakiti, ukoroge hadi uyeyuke.

Kosa la kila siku ni kutumia nusu ya unga na kuweka mwingine akiba. Nusu hiyo haipimiki kwa macho. Chumvi ikizidi, maji hutoka mwilini na kuingia kwenye matumbo, na mtoto anahara zaidi. Maji yakizidi, chumvi aliyopoteza hairudi. Sukari, soda na juisi usiongeze kabisa, wala usichemshe mchanganyiko. Onja: usiwe na chumvi kupita machozi. Unaobaki baada ya saa 24, mwaga.

Chukua mtoto wa mwaka mmoja hapo Nyalenda, Kisumu, anayehara majimaji lakini bado anakunywa vizuri. Aliye chini ya miaka miwili hupewa mililita 50 hadi 100 kila anapohara. Akihara mara nne hadi jioni, atakunywa 200 hadi 400, kwa hiyo jagi moja linamtosha. Mpe kijiko kimoja cha chai kila dakika moja au mbili. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole zaidi. Kunyonya na chakula visikatizwe.

Usiiache ORS kwa kuwa bado anahara: kazi yake ni kurudisha maji na chumvi, si kufunga tumbo.

Zinki ndiyo husaidia utumbo kupona na kufupisha ugonjwa. Mtoto huyu atapewa kidonge kimoja cha miligramu 20 kwa siku. Aliye chini ya miezi sita hupewa nusu. Kiyeyushe kwenye kijiko chenye maji safi au maziwa ya mama. Kina ladha ya chuma kidogo, watoto hukunja uso. Akikitapika ndani ya nusu saa, mpe kingine. Wengi huacha siku ya tatu choo kikishikana, ilhali dozi ni siku 10 hadi 14, kama mhudumu alivyoelekeza. Sehemu ya kinga dhidi ya kuhara miezi miwili mitatu ijayo iko kwenye hivyo vidonge vilivyobaki.

Damu kwenye choo, macho yaliyobonyea, kulegea, kushindwa kunyonya, kutapika kila kitu, au ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi polepole: mpeleke kituo cha afya mara moja. Kama anaweza kumeza, endelea na kijiko njiani.