Patro anatoa 1.160.000, sudere anashika 836.785: ile ingine inaenda wapi?

Jambo benzangu. Wiki ile ingine sudere moja wa karakana huku Kampemba, mu Lubumbashi, alinionesha fishi yake ya peye, karatasi imejaa mafuta ya mashini, akasema patro anamuiba. Patro naye anasema huyu mutu anamukulia makuta mingi. Basi tupige hesabu, mutaona bote wawili beko na sababu kidogo.

Bruti yake ni 1.000.000 FC ku mwezi, ana bibi na batoto batatu benye wameandikwa, na karakana iko na batumishi 12. Natumika na bareme ya 2024 ya IPR, ile kodi ya mushahara.

Hatua ya 1, upande wa patro. Juu ya bruti anaongeza CNSS 13%: 5% ya pansheni, 6,5% ya malipo ya familia, 1,5% ya hatari za kazi. Ni 130.000. Kisha INPP, ya kufundisha batumishi ufundi, na hapa ukubwa wa kampuni njo unaamua: kampuni ya mutu binafsi yenye haipite batumishi 50 inalipa 3%, kutoka 51 mpaka 300 ni 2%, kupita 300 ni 1%. Yetu ni 3%, ni 30.000. Kuko na ONEM pia, ofisi ya serikali ya kazi, lakini haifike 1%, naiacha inje ili hesabu ibakie wazi, weye ongeza kiwango chenye kiko ku deklarasyo yenu. Patro amefika 1.160.000, na sudere haoni hii 160.000 hata siku moja juu haiandikwe ku fishi yake.

Hatua ya 2, upande wa sudere. CNSS yake ni 5%, ni 50.000, na hii inatoka MBELE ya IPR, shikeni hiyo. Inabakia 950.000, njo IPR inapigwa hapo.

Hatua ya 3, IPR yenyewe, kwa vipande. 162.000 ya kwanza inalipa 3%, ni 4.860. Kutoka hapo mpaka 1.800.000 ni 15%, sasa yeye iko na 788.000 mu kile kipande, ni 118.200. Jumla 123.060. Kisha kila mutu mwenye anamulisha na ameandikwa anapunguza ile kodi 2%, mwisho batu 9. Yeye iko na bane, ni 8%, tunatosha 9.845, inabakia 113.215.

Neti: 1.000.000 kutosha 50.000 kutosha 113.215 = 836.785.

Hatua ya 4, pengo. 1.160.000 kutosha 836.785 ni 323.215. Gawanya na 1.160.000, si na bruti! Ni 27,9%. Komtable wengi banagawanya na bruti banapata 32,3% kisha patro anapiga kelele bure.

Fishi ya yule sudere ilikuwa na kosa kweli. IPR mbele ya kupunguza ilikuwa 142.500, ni kusema komtable alipiga 15% ku 950.000 yote akasahau kipande cha 3%. Kosa hii inajulikana mbio: inazidisha 19.440 kila mara, ikiwa mutu anafika kipande cha 15% na hapite kule, ata bruti iwe ngapi.

MASWALI

Mama wa Katuba: Na transiporti je? Banatupatia 100.000 pembeni.
– Mama, transiporti ya kweli ya kuenda kazi haiingie mu bruti ya CNSS wala mu IPR. Kwa huyu sudere patro angetoa 1.260.000, neti ingekuwa 936.785, pengo inabakia ile ile 323.215 lakini ni 25,7% sasa. Ila usifanye nusu ya mushahara iitwe transiporti, mukaguzi akikuja ataigeuza mushahara, na pansheni yako nayo ingekuwa imekauka juu CNSS ilipigwa ku bruti ndogo.

Yaya wa Ruashi: Patro aliniambia tuongee neti tu, 1.000.000 mu mukono. Inamukulia ngapi?
– Yaya, ukiwa na batu bane kama yeye, bruti inapanda mpaka karibu 1.199.310 na patro anatoa karibu 1.391.200. Lakini omba bandike BRUTI mu kontra. Ukizaa mutoto na IPR ishuke, mwenye kontra ya neti haone kitu, faida inabakia kwa patro.

Kijana wa komini ya Kenya: Nikiomba banipandishe 100.000 ya bruti, nashika ngapi?
– Na batu bane, 81.890. Patro anatoa 116.000. Ukienda kuomba, beba hizo namba mbili, juu yeye anafikiri ile ya pili wakati weye unafikiri ile ya kwanza.