Mizani ya bafuni inayotaja kilo tofauti kila ukipanda

Mama mmoja wa Tabata aliniletea mizani yake ya kioo. Alfajiri moja alipanda mara tatu mfululizo, ikamwandikia 74.2, halafu 71.8, halafu 75.0. "Fundi, nimeshabadilisha betri mara mbili," akasema. Nikamwambia twende nayo kwake, maana mizani ya namna hii bila sakafu yake haisemi kitu.

Hatua ya 1: Betri. Nyingi hutumia CR2032, ile bapa kama sarafu, ya volti 3. Ipime kwa mita. Ikishuka chini ya 2.7, au kioo kikiandika Lo, weka mpya. Ya mama ilisoma 3.0, kwa hiyo haikuwa na kosa. Hata hivyo angalia vibati vinavyoigusa, kwani mvuke wa bafuni huvitia kutu ya kijani. Vifute kwa pamba yenye spiriti, uviache vikauke.

Hatua ya 2: Sakafu. Hapa ndipo tatizo lilipokuwa. Bafu zetu hujengwa na mteremko ili maji yakimbilie kwenye tundu, na mguu mmoja wa mizani ulikuwa umeangukia kwenye maungio ya marumaru. Ndani ya kila mguu kuna kipande cha chuma kinachopinda kidogo sana unapopanda, na mizani hujumlisha mipindo yote minne. Mguu mmoja ukining'inia, hesabu inavurugika. Zulia nene nalo ni baya: miguu inazama, tumbo la mizani linagusa manyoya, na kilo nyingine zinapita pembeni bila kuhesabiwa. Tuliihamishia koridoni, penye marumaru kavu na tambarare. Bonyeza kona kwa kidole, ikitikisika, isogeze.

Hatua ya 3: Sifuri. Koridoni ilitoa 72.6 mara tatu. Kesho yake mama akapiga simu: 73.9! Kumbe usiku huiegemeza ukutani. Mizani inayojiwasha ukiikanyaga hutumia sifuri iliyoikumbuka mara ya mwisho, na ikisimamishwa au kuhamishwa, sifuri hiyo haifai tena. Ilaze, ikanyage kwa mguu mmoja kisha uutoe, subiri iandike 0.0 na izime yenyewe. Ndipo upande. Akafanya hivyo, 72.6 ikarudi.

Usiridhike na namba kujirudia tu. Baadhi ya mizani hukumbuka kilo za mwisho na kuzirudia ukipanda na uzito unaokaribiana. Kwa hiyo katikati ya vipimo pandisha kitu kingine, kwa mfano dumu la maji.

Dumu hilohilo lina kazi nyingine. Tia lita 10 za maji na uliweke kona moja baada ya nyingine. Tofauti ndogo ivumilie. Lakini kona moja ikipungukiwa kilo nzima na sakafu ni sawa, mguu huo umeharibika ndani, na kwa mizani ya bei rahisi mimi huwa sichukui hela ya kuufungua.