Somo: Barua ya madai ya waranti kwa kiwanda kilichotengeneza mashine ya barafu

Tuchukue mfano wa mashine ya barafu ya samaki iliyofungwa karibu na mwalo wa Kirumba. Ilinunuliwa tarehe 4 Machi 2024 kwa waranti ya miezi 12, na kompresa yake ikagoma tarehe 11 Februari 2025.

Kwanza, kabla fundi hajafungua chochote, piga picha ya kibati chenye modeli na namba ya mashine, kisha ambatanisha nakala ya risiti ya EFD na ya kadi ya waranti. Barua iandikie kiwanda, nakala umpe muuzaji, naye asaini na kuandika tarehe ya kuipokea. Taarifa ya mdomo ya Februari haitakusaidia sana ikiwa barua yenyewe itafika Aprili.

Pili ni aya ya hitilafu, na hapa ndipo madai mengi hufia. Ukiandika tu kwamba “kompresa imeungua”, umemrahisishia mtengenezaji kujibu kuwa chanzo ni umeme wenu. Eleza kilichoonekana na kilichopimwa:

“Mashine ikiwashwa, kompresa huvuma kwa sekunde chache, kisha kinga yake ya joto hukata. Umeme ulikuwa volti 226 kabla ya kuwasha na volti 214 wakati kompresa ikijaribu kuanza, ilhali kibati kinataja volti 230. Rilei na kapasita vimepimwa na ni vizima. Koili ya kuendeshea inasoma omu 2.1, lakini koili ya kuwashia haisomi kabisa. Kompresa haijafunguliwa.”

Vipimo hivyo vinaonyesha koili ya kuwashia imekatika ndani, mahali ambapo mtumiaji hafiki. Hata hivyo, kipimo cha siku moja hakithibitishi umeme wa mwaka mzima, kwa hiyo kama mashine ilikuwa kwenye stebilaiza, ambatanisha risiti yake pia.

Mwisho, taja unachodai, yaani kompresa mpya pamoja na gharama ya kuifunga na ya gesi, na uweke siku 14 za kujibiwa. Lawama kuhusu muuzaji ziache.

Maswali ya wanachama

*Samaki wanaharibika. Naweza kununua kompresa nyingine nikisubiri?*

Omba kwanza kibali cha maandishi, ndani ya barua hiyohiyo. Ukishindwa kusubiri, itunze ile ya zamani ikiwa nzima na kibati chake, maana wakitaka kuikagua nawe umeshaiuza kama chuma chakavu, hutakuwa na ushahidi. Hata hivyo, fahamu kwamba baadhi ya waranti hufutwa mtu mwingine akigusa mfumo wa gesi.

*Mashine yangu ilifungwa na fundi wa mtaani. Niseme?*

Sema. Soma kadi kwanza: kama haidai fundi wao, hoja hiyo haina nguvu dhidi yako. Kama inamdai, ambatanisha maelezo ya fundi wako kuhusu ukubwa wa waya na tarehe ya kufunga, uombe wakaguzi wao waje kuona wenyewe, kwa kuwa kwa kawaida ufungaji haukati koili ya ndani endapo umeme umefika sawasawa.