Riba juu ya riba bila kukatika: fomula ya e^(rt) inatoka wapi

Fomula A = P × e^(rt) wengi wetu tuliikariri bila kuona inakotoka. Leo tuijenge kutoka riba ya kawaida kabisa. Chukua kalamu na karatasi. Kikokotoo kitahitajika kidogo tu.

Hatua ya 1: Gawa mwaka vipande

Tuna mtaji wa 1,000 na riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Riba ikiingizwa mara moja tu, mwisho wa mwaka tuna 1,120.

Sasa iingizwe kila robo mwaka. Angalia vizuri hapa: hatupewi asilimia 12 mara nne. Ile 12 inagawanywa, kila robo inapata 3. Salio linakwenda hivi: 1,030, kisha 1,060.90, kisha 1,092.73, na mwisho 1,125.51. Ikiingizwa kila mwezi kwa asilimia 1, tunafika 1,126.83. Ikiingizwa kila siku, 1,127.47.

Kwa ujumla, ukiingiza riba mara n kwa mwaka, unapata P × (1 + r/n)^n, ambapo r ni 0.12.

Kutoka mara 1 hadi mara 4 tuliongeza zaidi ya 5. Kutoka mara 12 hadi mara 365 tuliongeza 0.65 tu. Kuna kitu kinazuia, na ndicho tunachokitafuta.

Hatua ya 2: Itenganishe riba kwa vizazi

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chukulia mtaji ni mzazi. Riba inayozaliwa na mtaji wenyewe ni watoto. Riba inayozaliwa na watoto ni wajukuu, inayozaliwa na wajukuu ni vitukuu, halafu vilembwe, na kuendelea.

Turudi kwenye robo mwaka. Mtaji wa 1,000 unazaa 30 kila robo, jumla 120. Ukiingiza kila mwezi, unazaa 10 mara 12, tena 120. Kila siku, bado 120. Watoto hawaongezeki hata ukate mwaka vipande milioni, kwa sababu kiwango nacho kinakatwa vipande vilevile.

Wajukuu ndio wanaobadilika. Watoto 30 wa robo ya kwanza wana robo tatu za kuzalia, na kila robo wanazaa 0.90, yaani 2.70. Wa robo ya pili wanazaa 1.80, wa robo ya tatu 0.90, wa robo ya nne hawana muda. Jumla ya wajukuu ni 5.40. Kwa njia hiyohiyo, vitukuu wanatoka 0.108, na vilembwe hawafiki hata 0.001. Jumlisha: 1,000 + 120 + 5.40 + 0.108 na kidogo, unapata 1,125.51 ileile.

Hatua ya 3: Ongeza n, utazame kila kizazi

Wajukuu kwa mara 1 ni 0. Kwa mara 2 ni 3.60, mara 4 ni 5.40, mara 12 ni 6.60. Ukifuata hesabu, utaona ni 7.20 × (1 − 1/n) kamili. Hiyo 1/n inapungua kadiri n inavyokua, kwa hiyo wajukuu wanaikaribia 7.20 wala hawaivuki.

Hiyo 7.20 ni 1,000 × 0.12² ÷ 2. Vitukuu nao wana dari yao: 1,000 × 0.12³ ÷ 6, yaani 0.288. Dari ya vilembwe ni 1,000 × 0.12⁴ ÷ 24, karibu 0.009. Vigawanyo ni 2, kisha 2×3, kisha 2×3×4, na vinakua haraka sana.

Hatua ya 4: Jumlisha dari zote

1,000 + 120 + 7.20 + 0.288 + 0.009 na vumbi la mwisho, jumla ni 1,127.50. Hicho ndicho kikomo: riba inayoingizwa kila wakati, bila kusubiri siku wala sekunde.

Mfululizo 1 + r + r²/2 + r³/6 + … ndio e^r. Ukiweka r = 1, yaani riba ya asilimia 100, unapata e yenyewe, 2.71828… Jacob Bernoulli alilichunguza swali hilohilo la riba mwaka 1683 akaonyesha kwamba jibu liko kati ya 2 na 3. Herufi e ilikuja baadaye na Euler.

Kila mwaka salio linazidishwa kwa e^r, kwa hiyo baada ya miaka t limezidishwa kwa e^(rt).

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nimeelewa vizazi, ila hiyo nusu ya wajukuu sijaiona inatoka wapi.*

Watoto 120 hawaji siku moja, wanaingia kidogo kidogo mwaka mzima. Aliyezaliwa mwanzoni ana mwaka mzima wa kuzaa, aliyezaliwa mwishoni hana muda. Kwa wastani kila mmoja anapata nusu mwaka. Basi wajukuu ni 120 × 0.12 × ½ = 7.20.

*Nimepewa hesabu: fedha imekua kutoka 1,000 hadi 1,120 kwa mwaka. Nimeweka r = 0.12 kwenye fomula ya e, jibu likakataa. Kosa ni nini?*

Hilo ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi kwenye madaftari. Asilimia 12 yako ni ukuaji halisi wa mwaka mzima, wajukuu na vitukuu wakiwa wameshahesabiwa ndani yake. Ukiiweka kwenye e unawahesabu mara ya pili, ndiyo maana unapata 1,127.50. Tafuta kwanza r kwa logi asilia: r = ln(1.12) = 0.1133. Kisha 1,000 × e^0.1133 inarudi 1,120. Kabla ya kuandika chochote, jiulize kama kiwango ulichopewa ni cha kabla ya riba juu ya riba au cha baada yake.

*Samahani mwalimu, nimejaribu kwenye Python kuongeza n hadi kubwa sana ili nione e. Imenipa 3.035, halafu 1. Je, kikomo kinavunjika?*

Hakivunjiki. Nadhani uliandika hivi:

```python
(1 + 1/1e15)**1e15   # 3.035035206549262
(1 + 1/1e16)**1e16   # 1.0
```

Kompyuta inatunza takriban tarakimu 16 tu za namba. Ukijumlisha 1 na 1/1e16, kile kipande kidogo kinapotea chote, inabaki 1, na 1 kwa kipeo chochote ni 1. Kwenye 1e15 kipande kimekadiriwa vibaya, kikawa kikubwa kuliko kilivyo. Dalili ya kosa unayo mkononi: kwa n yoyote jibu la kweli liko chini ya e, kwa hiyo 3.035 haiwezekani. Jaribu n ya 1,000,000, utapata 2.71828. Kwa kazi halisi, acha n kabisa, tumia `math.exp(r*t)`.