Oveni ya Milioni Nane: Kununua Taslimu, kwa Awamu, au kwa Karadha

Mwongozo huu umetokana na siku tatu nilizokaa na mwoka mikate mmoja wa Morogoro, mama anayeuza mikate na maandazi kwa maduka ya mtaani na shule mbili, aliponiletea karatasi mbili za mapendekezo na kuniuliza asaini ipi. Kazi yangu ni kutunza hesabu za biashara ndogo, na karatasi za namna hiyo nimezipitia nyingi. Alihitaji vitu viwili: oveni ya gesi ya deki tatu na mashine ya kukandia unga. Akiba yake ilikuwa shilingi 7,500,000.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Kununua taslimu kunajulikana. Kununua kwa awamu ni mkataba ambao muuzaji, au mkopeshaji aliye nyuma yake, anakukabidhi kifaa kama mtu anayekikodi, nawe unalipa kianzio na marejesho mpaka rejesho la mwisho, ndipo umiliki unapohamia kwako. Karadha, ambayo Tanzania Bara ina sheria yake ya mwaka 2008, inakwenda hivi: unachagua kifaa na muuzaji, kampuni ya karadha inakinunua kwa jina lake, inakupa ukitumie, nawe unailipa kwa muda uliopangwa, mwishoni unakichukua kwa bei ndogo iliyoandikwa katika mkataba. Usiichanganye karadha na kukodi kwa siku au kwa msimu. Kukodi kunafaa kwa mashine ya kuchanganya zege ambayo fundi anaihitaji siku kumi kwa mwaka. Oveni inayowaka kila alfajiri haikodiwi.

Hatua ya 1: Omba profoma mbili kwa muuzaji yuleyule

Omba moja ya bei ya taslimu na nyingine ya bei ya awamu, na uziombe kwa siku mbili tofauti, ya taslimu ikitangulia. Mama huyu alikuwa ameomba moja tu, ya awamu, nayo ilionyesha shilingi 12,000,000 kwa vifaa vyote viwili. Nilipompigia muuzaji na kumuuliza bei ya mtu anayelipa leo, alisema 11,200,000: oveni 8,000,000 na mashine ya kukandia 3,200,000. Hiyo tofauti ya 800,000 ni riba ambayo haikuitwa riba. Hakikisha pia kwamba bei zote mbili zimejumuisha VAT, kwa sababu mfanyabiashara asiyesajiliwa kwa VAT hana mahali pa kuirudisha.

Hatua ya 2: Tafuta riba halisi

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo nilipopoteza saa nyingi miaka ya nyuma kabla sijajua la kufanya.

Pendekezo la kwanza lilikuwa la awamu: kianzio asilimia 25, yaani 3,000,000, kisha salio la 9,000,000 kulipwa kwa miezi 18 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Pendekezo la pili lilikuwa la karadha: kianzio asilimia 20, miezi 24, riba ya asilimia 2.5 kwa mwezi. Mama alikuwa amekwisha kuamua. Mbili ni ndogo kuliko mbili na nusu, na miezi 18 ni michache kuliko 24.

Lakini ile asilimia 2 ilikuwa riba ya flati, yaani inayopigwa juu ya deni la siku ya kwanza hadi mwezi wa mwisho bila kujali umelipa kiasi gani. Hesabu yake ni 9,000,000 mara asilimia 2 mara miezi 18, sawa na 3,240,000. Ukijumlisha na salio na kugawa kwa 18 unapata rejesho la 680,000. Mwezi wa 18, wakati unadaiwa rejesho moja tu, bado unatozwa riba ya 180,000 kana kwamba unadaiwa milioni tisa zote. Kama asilimia hiyohiyo ingepigwa juu ya deni linalobaki, rejesho lingekuwa kama 600,000.

Huhitaji kujua kanuni. Fungua jedwali la hesabu, hata la kwenye simu, na uandike idadi ya marejesho, kiasi cha rejesho kikiwa na alama ya kutoa, na fedha uliyokopeshwa:

```
=RATE(18,-680000,9000000)
```

Jibu ni karibu asilimia 3.46 kwa mwezi. Iwapo seli itaonyesha 3% tu, ongeza nafasi za desimali. Na simu nyingine hutaka nukta-mkato badala ya mkato kati ya tarakimu.

Hata hivyo, jibu hilo bado linampendelea mkopeshaji, kwa kuwa tumeingiza 9,000,000 kama fedha uliyokopeshwa, ilhali vifaa vilikuwa na thamani ya 11,200,000 kwa anayelipa taslimu. Ukiondoa kianzio cha 3,000,000, ulichokopeshwa kweli ni 8,200,000. Kulikuwa pia na ada ya fomu ya 180,000 iliyolipwa siku ya kusaini, nayo inapunguza ulichopata hadi 8,020,000:

```
=RATE(18,-680000,8020000)
```

Sasa ni asilimia 4.89 kwa mwezi, karibu 59 kwa mwaka. Hiyo ndiyo riba ya ule mkataba wa "asilimia mbili".

Karadha niliipitisha katika chujio hilohilo. Kampuni ilikuwa tayari kumlipa muuzaji bei ya taslimu, kwa hiyo kianzio kilikuwa 2,240,000 na deni 8,960,000. Riba yake ilipigwa juu ya deni linalobaki, na rejesho likawa 501,000. Baada ya kutoa ada ya 180,000, jibu lilikuwa asilimia 2.68 kwa mwezi. Kwa jumla, njia ya awamu ingemgharimu 15,420,000 na karadha 14,444,000, ingawa karadha ilikuwa na miezi sita zaidi.

Tahadhari mbili. Jumla ya malipo peke yake hailinganishi mikataba yenye muda tofauti, ndiyo maana ninaanza na riba ya mwezi. Na bima: ikiwa mkopeshaji anailazimisha na kuichagua yeye, iweke ndani ya rejesho kabla ya kupiga hesabu, ikiwa ungeikata hata kwa kifaa ulichonunua taslimu, iache nje. Mimi simshauri mtu yeyote kusaini kabla mkopeshaji hajampa jedwali la marejesho lililochapwa, lenye safu ya riba na safu ya deni linalobaki kwa kila mwezi. Anayekataa kulitoa amekwisha kukujibu.

Hatua ya 3: Pima rejesho kwa mwezi mbaya

Chukua mwezi wako mbaya kuliko yote katika mwaka uliopita. Kwa mama huyu ulikuwa Desemba, shule zikiwa zimefungwa, na baada ya unga, gesi, kodi ya chumba na vibarua alibakiwa na 900,000. Kanuni yangu ni kwamba rejesho lisizidi nusu ya kiasi hicho. Rejesho la 680,000 lilianguka papo hapo, na la 501,000 lilivuka mstari kwa kidogo.

Hatua ya 4: Gawanya vifaa

Hatua hii wengi hawaifikirii, kwa sababu muuzaji huviorodhesha vifaa vyote katika karatasi moja. Hakuna kinacholazimisha vyote vinunuliwe kwa njia moja. Tulimnunulia mashine ya kukandia taslimu kwa 3,200,000, na oveni peke yake tukaipeleka kwenye karadha: kianzio 1,600,000, deni 6,400,000, rejesho 358,000 kwa miezi 24, ada 128,000. Akiba ilibaki 2,572,000, na fedha hiyo ndiyo inayonunua ngano na sukari wakati maduka yanakaa siku kumi kabla ya kulipa. Angesubiri mpaka akiba ifike 11,200,000 na kuimaliza kwa vifaa, angekuwa na oveni mpya isiyo na unga wa kuoka.

Msimamo wangu, ambao wenzangu wengine hawaukubali, ni kwamba kifaa kidogo ambacho fundi wa mtaani anaweza kukitengeneza kinunuliwe taslimu, na ikibidi kiwe kilichotumika. Karadha iachiwe kifaa kikubwa chenye soko la mkono wa pili, kwa sababu hapo kifaa chenyewe ndicho dhamana na huombwi hati ya nyumba.

Hatua ya 5: Kodi

Wapo watakaokuambia karadha "inapunguza kodi". Ikiwa mauzo yako hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka na unakadiriwa kwa mauzo, uchakavu wa mashine na riba havibadilishi kodi yako hata shilingi moja. Dai risiti ya EFD, kisha endelea.

Hatua ya 6: Soma vifungu vinne, na usisaini hati ya mapokezi mapema

Tafuta umiliki unahamia lini na kwa bei gani. Ukimaliza mapema unasamehewa riba ya miezi iliyobaki au la. Kifaa kikichukuliwa na kuuzwa, ziada ni ya nani. Na marejesho mangapi yakichelewa ndipo kichukuliwe. Msomaji wa Kenya ana kinga ya ziada katika Sheria ya ununuzi wa awamu, Sura ya 507: mtu binafsi aliyekwisha kulipa theluthi mbili ya bei ya mkataba unaohusika na sheria hiyo hanyang'anywi kifaa bila mwenye kifaa kwenda mahakamani.

Hati ya mapokezi ni karatasi moja inayosema umepokea kifaa kikiwa kizima na kinafanya kazi. Katika mikataba ya karadha kwa kawaida, ukishaisaini unadaiwa marejesho hata mashine ikigoma, kwa kuwa muuzaji ulimchagua wewe na kampuni ilikuja na fedha tu. Miaka kadhaa iliyopita nilimruhusu fundi seremala asaini hati ya mashine ya randa iliyokuwa bado ndani ya kreti, dereva akiwa na haraka. Mota ilikuwa ya umeme wa fezi tatu, na karakana ilikuwa na fezi moja. Alilipa marejesho matatu kabla mashine haijazunguka hata mara moja, na kosa lilikuwa langu.

Kwa hiyo, kwa oveni hii nilimwambia mama asiguse kalamu. Fundi aliunganisha gesi, deki zote tatu zikapashwa, na mikate ikaingizwa katika kila deki kwa wakati mmoja. Deki ya chini iliunguza upande wa nyuma. Muuzaji alirudi kesho yake na kubadilisha kichomeo, tukaoka tena, na hati ikasainiwa saa kumi jioni, mikate ikiwa bado ya moto juu ya meza.