Jedwali la ruhusa: mambo ya kuzingatia kabla ya kuwafungulia wafanyakazi mfumo

Tuseme koperative ya akiba na mikopo ya hapa Bukavu, yenye matawi Kadutu na Bagira, iko karibu kuanza kutumia mfumo mpya. Keshia anapokea na kulipa pesa, afisa mikopo anaandika maombi, mkuu wa tawi anaidhinisha, mkaguzi anasoma tu. Kabla ya mtu yeyote kupewa neno la siri, jedwali la ruhusa liwe limekamilika: nyadhifa zikishuka upande mmoja, vitendo vikienda upande mwingine, na kila chumba kiwe na jibu. Chumba kilichoachwa kitupu kihesabiwe "hapana".

Jedwali hilo mjaze pamoja na mkuu wa tawi na mhasibu, kwa sababu mwandishi wa programu hajui nani kwenye kaunta anaruhusiwa kughairi malipo. Mtagundua kwamba majibu mengi ni "ndiyo" yenye sharti: keshia anaona akaunti, lakini za tawi lake tu, mkuu wa tawi anaidhinisha mkopo, isipokuwa ule alioandika mwenyewe. Liandikeni sharti lote ndani ya chumba. Makosa mabaya hujificha hapo, kwa kuwa mfumo mara nyingi huangalia wadhifa na kusahau sharti.

Ndiyo maana mtu mmoja wa majaribio kwa kila wadhifa hatoshi. Tengeneza keshia wa Kadutu na keshia wa Bagira, na wengine vivyo hivyo. Ongeza mfanyakazi aliyeacha kazi, akaunti yake ikiwa imefungwa. Akaunti za wateja ziwe za kubuni. Majaribio haya hayafanywi kwa akiba halisi za watu.

Kisha usiiamini menyu. Kitufe kilichofichwa hakizuii chochote, maana anayejua anwani anaweza kutuma ombi moja kwa moja kwa seva. Chukua akaunti 2041 ya Bagira. Anza na keshia wa Bagira: aisome, seva ijibu 200, yaani imekubali. Halafu tuma ombi lilelile bila kugusa kitu kingine, ubadilishe peke yake tokeni, yaani ufunguo ambao seva humpa mtu akishaingia ili imtambue:

```
curl -i -H "Authorization: Bearer $KESHIA_KADUTU" \
  https://majaribio.local/api/akaunti/2041
```

Jedwali linasema lazima ije 403, yaani seva imemtambua lakini imemkatalia. Ikija 200 pamoja na jina na salio la mteja, umepata tundu, na kwenye skrini lisingeonekana kamwe, kwa sababu orodha ya keshia wa Kadutu inaonyesha wateja wa Kadutu tu. Seva imeuliza "huyu ni keshia?" ikaridhika, haikuuliza akaunti ni ya tawi gani. Dawa yake ni seva kulinganisha tawi la akaunti na tawi lililoandikwa kwenye rekodi ya mfanyakazi. Isilichukue tawi kutoka kwenye ombi lenyewe, maana huko anayetuma anaweza kuandika analotaka. Jaribu hilo pia: ongeza `?tawi=bagira` mwishoni mwa anwani, uone kama mlango unafunguka.

Lile ombi la kwanza la keshia wa Bagira msiliruke. Bila hilo, kukataliwa kunaweza kukudanganya. Ikija 401, seva haijamtambua mtu, labda tokeni imeisha muda. Ikija 400, umekosea kuandika ombi. Yote mawili yanaonekana kama mlango uliofungwa, ilhali ruhusa yenyewe haijapimwa. Wako wanaochagua kujibu 404, yaani "hakuna kitu hapa", ili mtu asijue hata kama akaunti ipo. Hilo ni sawa, mradi liandikwe kwenye jedwali mapema.

Kwa vitendo vinavyobadilisha kitu, namba ya jibu haitoshi. Afisa mikopo akituma `POST /api/mikopo/318/idhinisha` na kupata 403, fungua hifadhidata uone mkopo 318 bado unasubiri. Kuna programu zinazoandika kwanza na kukagua ruhusa baadaye. Pima pia mabadiliko ya wadhifa: mkuu wa tawi akiwa ameingia, mshushe awe keshia, kisha tokeni yake ya zamani itumike kuidhinisha. Kama wadhifa umeandikwa ndani ya tokeni na seva haiulizi upya, ataendelea kuidhinisha mpaka tokeni iishe muda, na kama muda huo ni saa 8, ni siku nzima ya kazi.

Mwisho, mwombe mwandishi wa programu achapishe orodha ya anwani zote ambazo seva inazijibu, muilinganishe na jedwali mstari kwa mstari. Zinazosahaulika ni za pembeni: kupakua ripoti ya Excel, kuchapisha risiti, kutafuta mteja kwa namba ya simu. Akaunti 2041 inaweza kuwa imefungwa vizuri kwa keshia wa Kadutu, huku faili la Excel likimpa wateja wote wa Bagira kwa mara moja. Kila anwani isiyo na chumba ipewe chumba, na ipimwe kwa watu walewale kabla ya tarehe ya kufungua kutangazwa.